Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Vidokezo na Upotoshaji katika Hadithi ya Upelelezi

Maswali haya ndiyo wanafunzi huyarudia wanapotunga hadithi yao ya kwanza ya upelelezi. Karibu majibu yote yanatumia kisa kimoja kilichotungwa kwa ajili ya ukurasa huu. Kisa chenyewe kimo katika swali la 2, kwa hiyo usiliruke hata kama una haraka.

## Mambo ya msingi

1. Hadithi ya upelelezi inatofautianaje na hadithi nyingine za uhalifu?

Hadithi ya upelelezi ni mashindano kati ya mwandishi na msomaji. Kuna swali moja, kwa kawaida "nani alifanya?", na msomaji anapewa kila alichonacho mpelelezi ili ajaribu kujibu kabla ya ukurasa wa mwisho. Hadithi ya jambazi anayekimbizwa na polisi inaweza kusisimua sana, lakini kama msomaji hana cha kufumbua, si ya upelelezi.

Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, ambaye naye alitunga hadithi za aina hii, aliorodhesha amri kumi za mchezo huu. Nyingine aliziandika kwa utani na zimechakaa. Iliyobaki hai ni ile inayosema kuwa mpelelezi asipate kidokezo chochote bila msomaji kuonyeshwa hapo hapo. Katika Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alianzisha njia hii kwa mpelelezi wake Bwana Msa, anayefuatana na mwenzake Najum. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka mwaka 1960.

2. Nianzie wapi kuandika?

Anzia mwisho. Kabla ya sentensi ya kwanza ya hadithi, jaza ukurasa mmoja unaoeleza kilichotokea kweli, saa kwa saa, kwa upande wa mhalifu. Ukurasa huo haumo katika hadithi, ni siri yako. Wanaoanza na maiti au kabati tupu huku wakitumaini kumgundua mhalifu njiani, humpata mhalifu ambaye vidokezo vya mwanzo havimhusu hata kidogo.

Ukurasa wa siri wa kisa chetu ni huu. Ni shule ya bweni, Alhamisi jioni. Katika kabati la maktaba kuna bahasha ya michango ya safari ya darasa pamoja na daftari la majina. Wenye ufunguo wa kabati ni watatu: Rehema, mweka hazina wa darasa, Kombo, kaka wa maktaba, na Mzee Shomari, mlinzi, anayetembea na funguo zote za shule. Rehema amekuwa akiwakopesha marafiki zake fedha za michango. Daftari linaonyesha shilingi 240,000, bahashani zimebaki 186,000, na Ijumaa asubuhi mwalimu wa darasa atazihesabu.

Jioni hiyo wanafunzi wako ukumbini wakitazama mpira kwenye runinga, na Rehema yuko bwenini peke yake akiwaza la kufanya. Saa kumi na mbili na nusu umeme unakatika. Saa moja na robo, giza likiwa limeingia, anakwenda maktaba na mshumaa kwa sababu tochi yake haina betri. Analotaka hasa ni daftari, na bahasha anaichukua ili ionekane ni wizi wa kawaida. Anafunga kabati na kuondoka. Umeme unarudi saa mbili kasorobo, mpira umeshakwisha. Saa mbili mwalimu wa darasa anakuja kuweka mchango wa mwanafunzi aliyechelewa, anaazima ufunguo wa mlinzi, anafungua kabati, na bahasha haimo.

Sasa soma ukurasa huo taratibu na ujiulize kila tendo limeacha nini nyuma yake. Mshumaa huacha nta. Mtu ambaye hakuwa ukumbini hajui kilichoonekana ukumbini. Vidokezo vyako vimo humo tayari, huna haja ya kuvibuni kutoka hewani.

3. Nihitaji washukiwa na vidokezo vingapi?

Kwa hadithi ya maneno 1,500, washukiwa watatu, vidokezo vya kweli vitatu au vinne, na upotoshaji mmoja, miwili ikizidi. Washukiwa wakiwa wawili, msomaji anabahatisha tu. Wakiwa watano, hakuna nafasi ya kumjua yeyote, maana mshukiwa mmoja anahitaji maneno 150 hivi ili awe mtu na si jina. Kidokezo kikiwa kimoja, hadithi nzima inaning'inia hapo, na msomaji akikitilia shaka kila kitu kinaanguka.

Washukiwa wote waonekane katika theluthi ya kwanza ya hadithi, na kila mmoja awe na sababu ya kutenda pamoja na nafasi ya kutenda. Katika kisa chetu funguo tatu ndizo zinazofunga mduara: kabati halikuvunjwa, kwa hiyo hakuna wa nne.

## Vidokezo

4. Kidokezo kizuri kina sifa gani?

Kinasomeka kwa namna mbili. Namna ya kwanza inamjia msomaji mara moja na haimfikishi kokote. Ya pili inaonekana tu anaporudi nyuma. Damu kwenye shati la muuaji ina maana moja, na ndiyo maana inachosha.

Chukua nta. Mpelelezi wetu, Zuhura wa kidato cha pili, anaona tone la nta kwenye rafu ya kabati. Maana ya haraka ni kwamba wizi ulifanyika wakati wa giza, na hilo halimpati mtu kwa kuwa giza lilikuwa la shule nzima. Maana ya pili imejificha zaidi: mwizi alikuwa mtu asiye na tochi. Mzee Shomari tochi yake haimtoki shingoni. Kwa Kombo, tazama swali la 9.

5. Nafichaje kidokezo bila kumdanganya msomaji?

Kiweke mbele ya macho yake, lakini mpe kitu kingine cha kutazama. Njia ya kwanza ni kukiweka ndani ya kichekesho au ugomvi. Hivi ndivyo umeme unavyokatika katika hadithi yetu:

*Mpira ukawekwa kwenye alama ya penalti. Ukumbi mzima kimya. Mpigaji akarudi nyuma hatua nne, akashika kiuno, na hapo hapo runinga ikazima, feni zikazima, na watoto mia wakapiga yowe kama kwamba paa limeanguka. "Ataingiza!" "Atakosa!" Tulibishana gizani mpaka Mzee Shomari alipopita na redio yake ya betri na kutuambia kwamba goli liliingia.*

Msomaji anacheka na kuendelea. Lakini ameshaambiwa jambo kubwa kuliko yote katika hadithi: hakuna aliyekuwa ukumbini aliyeiona penalti ile ikipigwa.

Njia ya pili ni orodha. *Juu ya kitanda cha Rehema kulikuwa na rula, kalamu mbili, tochi iliyofunguliwa mgongo, kitana na pakiti ya biskuti.* Msomaji hukumbuka cha kwanza na cha mwisho. Cha katikati humpita. Usimalizie orodha kwa tochi, na usiongeze sentensi nyingine kuhusu hiyo tochi.

Njia ya tatu, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni kukata kidokezo vipande viwili na kuvitenganisha. Kipande cha kwanza ni ile penalti, ukurasa wa kwanza. Cha pili kinakuja maneno kama 500 baadaye, Rehema anapoulizwa alikuwa wapi: *"Nilikuwa ukumbini, nyuma kabisa. Nilitoka umeme ulipokatika, baada ya kuona ile penalti ikiingia."* Kila kipande peke yake hakina neno. Viwili pamoja vinamtoa Rehema ukumbini. Ukiviweka katika ukurasa mmoja, kila mtu ataviunganisha.

6. Mhalifu wangu anasema uongo unaomfichua. Nifanyeje asionekane mjinga?

Uongo wake uwe ule ambao mtu mwenye akili angeusema kwa yale anayoyajua yeye. Katika rasimu ya kawaida, mwizi hudai kuwa wakati wa wizi alikuwa akipiga pasi, halafu mpelelezi anamkumbusha kwamba umeme ulikatika. Haiwezekani. Mwizi mwenyewe alikuwa gizani, asingesahau. Rehema wetu anajua umeme ulikatika na anajua goli liliingia, kwa sababu shule nzima inalizungumzia. Asilolijua ni kipi kilitangulia. Uongo mzuri unavunjika mahali ambapo mhalifu hakuwepo.

7. Nitajuaje kama kidokezo changu kina mwanya?

Andika kidokezo, kisha umalizie mara tatu sentensi inayoanza na "Lakini labda…". Lakini labda Rehema aliona penalti kwenye marudio umeme uliporudi? Huo ni mwanya wa kweli, na msomaji makini atauona. Uzibe kwa sentensi moja mapema: taa zilipowaka, mwalimu wa zamu aliizima runinga na kuwafukuza wote wakajisomee. Lakini labda mwizi alikuwa na tochi akachagua mshumaa ili kupoteza watu? Hilo liache, ni la mbali mno, na ukijibu kila "labda" hadithi itageuka kuwa hati ya mahakama.

Kinachoharibu wengi ni kuziba mwanya kwa kuchelewa. Ukisema kwamba runinga ilizimwa wakati Rehema ameshatajwa, msomaji atahisi umeibuni sentensi hiyo ili kujiokoa, na kwa kawaida atakuwa sahihi.

8. Je, kidokezo lazima kiwe kitu kinachoshikika?

Hapana. Kauli inaweza kuwa kidokezo, na hata jambo ambalo halikutokea. Katika hadithi moja ya Sherlock Holmes ya mwaka 1892, kinachofumbua fumbo ni mbwa ambaye usiku wa tukio hakubweka: aliyekuja alikuwa mtu anayemjua.

Katika kisa chetu mwalimu anatangaza kwamba fedha zimepotea, na hataji daftari. Rehema anauliza, *"Sasa tutajuaje nani alilipa, na daftari lenyewe halipo?"* Juujuu ni wasiwasi wa mweka hazina. Ukichimba, amejuaje? Kidokezo cha namna hii kinahitaji mambo mawili: tangazo la mwalimu liandikwe neno kwa neno, na ukague kwamba hakuna mhusika mwingine aliyemtajia daftari kabla. Pamoja na hayo ni kidokezo dhaifu, kwa kuwa angeweza kukisia tu. Daftari na bahasha vilikaa pamoja. Kitumie kama mhimili wa pili, kisibebe hadithi peke yake.

## Upotoshaji

9. Upotoshaji ni nini, na nautungaje?

Ni jambo la kweli linalomfanya msomaji afikie hitimisho lisilo la kweli. Mhusika anaweza kudanganya kadiri apendavyo. Sauti ya msimulizi haidanganyi. Ukiandika "Kombo aliingia maktaba" ilhali hakuingia, huo si upotoshaji, umevunja mchezo. Ukiandika "Kombo alipenya mlango wa nyuma na kushika njia ya maktaba", na kweli alishika njia hiyo, hesabu ni ya msomaji.

Upotoshaji una sehemu tatu, nazo uziandike kwenye ukurasa wako wa siri: kinachoonekana, kinachodhaniwa, na ukweli wake. Kombo anaonekana akitoka ukumbini mara tu taa zinapozimika. Akiulizwa, anasema alikwenda msalani, na mwenzake mmoja anasema msalani hakukuwa na mtu. Kinachodhaniwa kiko wazi: ana ufunguo, ametoweka gizani, anadanganya. Ukweli ni kwamba Kombo ana simu aliyoificha nyuma ya maktaba, shule hairuhusu simu, naye alitoka kumpigia mama yake. Anadanganya kwa kuogopa adhabu.

Hapo ndipo penye utamu. Mwenye simu ana tochi ya simu, na mwenye tochi hahitaji mshumaa. Siri ile ile iliyomfanya Kombo ashukiwe ndiyo inayomsafisha. Si kila upotoshaji unaweza kugeuka hivi, lakini ukipata mmoja, ulinde; una thamani kuliko mingine mitatu.

10. Kwa nini walimu husema upotoshaji wangu "hauna maana"?

Mara nyingi ni kwa sababu hauna ukweli wake. Kivuli dirishani, mtu asiyejulikana anayecheka usiku, barua isiyo na jina: vyote vinatisha, na hadithi inakwisha bila kuelezwa. Kila unachopanda ukivune, hata kwa sentensi mbili.

Sababu nyingine ni wingi. Upotoshaji ukizidi vidokezo vya kweli, mwisho unakuwa orodha ya maelezo. Tulifikiria kumpa Kombo na viatu vipya ili adhaniwe ana fedha. Tuliviondoa, kwa kuwa vingehitaji mjomba wa kuvinunua, siku ya wageni na aya nzima ya kueleza, na Kombo alishatiliwa shaka ya kutosha.

## Kufumbua

11. Mpelelezi aeleze kwa mpangilio gani?

Apunguze hatua kwa hatua. Zuhura anaanza na wakati: nta inasema wizi ulikuwa wakati wa giza. Kisha watu: kabati halikuvunjwa, wenye ufunguo ni watatu, na wawili kati yao walikuwa na tochi. Hapo Kombo atalazimika kukiri kuhusu simu, jambo linalomgharimu, na tukio linapata uzito. Kisha anavunja kauli: "Umesema uliiona penalti. Sisi tuliokuwa mbele hatukuiona." Mwisho ndipo inapokuja sababu, yaani daftari na zile shilingi 54,000 zinazopungua. Ukitanguliza sababu, mengine yote yanakosa mvuto.

Tenga maneno 300 hivi kwa sehemu hii. Mhalifu anaweza kukiri, lakini asikiri kwanza. Kukiri kukitangulia, mpelelezi hakufanya kazi yoyote.

Ukimaliza, chukua kalamu ya rangi na upige mstari chini ya kila jambo ambalo mpelelezi anategemea, kisha utafute sentensi ya nyuma lilikoonyeshwa. Hata zile shilingi 54,000: lazima mapema Rehema asikike akimwambia rafiki yake "nirudishie kabla ya kesho". Usipoipata sentensi, rudi ukaipande, au uliondoe jambo hilo.

12. Nitajuaje kama fumbo ni rahisi mno au gumu mno?

Wape wasomaji watatu hadithi bila sehemu ya mwisho, na uwaulize mambo mawili: nani, na kwa nini unasema hivyo. Jina peke yake halina maana, maana mmoja kati ya watatu hupatia kwa bahati. Wote wakitaja mhalifu na sababu sahihi, vipande vya kidokezo viko karibu mno au umekisisitiza (swali la 5). Wote wakikosa, wape mwisho na uwaangalie. Akirudisha kurasa nyuma na kucheka, umefaulu. Akiuliza "hiyo ilisemwa wapi?", kidokezo kimezama, kitaje mara ya pili kwa maneno mengine, mbali na pale pa kwanza.

## Hali zisizo za kawaida

13. Naweza kutumia ndoto, jini au ramli?

Si kama njia ya kumpata mhalifu. Amri ya pili ya Knox inakataa nguvu zisizo za kawaida, na sababu yake ni ya kiufundi: msomaji hawezi kushindana na mganga. Kama upotoshaji, hata hivyo, zinafaa sana. Wanafunzi wakiamini kwamba maktaba ina jini, hakuna atakayeuliza mwanga wa saa moja na robo dirishani ulikuwa wa nini. Ukweli wake ni mshumaa, kwa hiyo sharti la swali la 9 limetimia.

14. Msimulizi anaweza kuwa ndiye mhalifu?

Inawezekana, lakini si kwa hadithi ya kwanza. Kila sentensi ya "mimi" itabidi iwe ya kweli na wakati huo huo ifiche. Kosa la kawaida ni msimulizi anayeshangaa moyoni mwake kabati linapokutwa tupu. Aliyeiba hawezi kushangaa, na hapo umedanganya. Ni nafuu msimulizi awe rafiki wa mpelelezi, anayeona kila kitu na kukielewa vibaya.

15. Alama za vidole na kamera si zitamaliza hadithi mara moja?

Kamera haifanyi kazi umeme ukikatika, isipokuwa yenye betri yake. Kama shule yako ya hadithi inayo, sema mapema imefungwa wapi. Alama za vidole hazikusumbui katika kisa kama hiki. Rehema, Kombo na Mzee Shomari hulifungua kabati lile kila wiki kwa kazi zao, kwa hiyo vidole vya wote watatu vimejaa mlangoni na havisemi lolote. Mwache mshukiwa mmoja aseme hivyo kwa sentensi moja, kisha uendelee.